Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Mtaa: naomba radhi kwa kukosa mkutano wa urasimishaji, na niko tayari kupokea maazimio

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Naandika kukuomba radhi kwa kutohudhuria mkutano mkuu wa mtaa wa Jumamosi iliyopita, ule uliokaa kwa ajili ya urasimishaji wa makazi yetu. Siku hiyo nilikuwa Lushoto kwenye mazishi ya shangazi yangu. Habari za msiba zilinifikia usiku, na alfajiri nikawa stendi kutafuta basi. Kwa msiba najua umekwishanisamehe, maana wewe mwenyewe ndiye huwa wa kwanza kufika mtu akifiwa. Ninachokuombea radhi hasa ni kutotoa taarifa. Ningepiga simu kwako au kwa mjumbe wangu, jina langu lingesomwa miongoni mwa wenye udhuru, na wajumbe wangejua kwamba nyumba ya kona kwenye kichochoro cha kisimani haikususa kikao. Badala yake, nimeambiwa, ulipofika wakati wa kujadili kichochoro hicho ulisimama ukauliza kama kuna mtu wa nyumba yetu, na hakuna aliyejibu. Hilo limeniuma. Naomba unipokelee radhi wewe, kamati ya mtaa, kamati ya urasimishaji, na majirani wote waliokaa juani tangu asubuhi kwa jambo linalotuhusu sote.

Nimeiweka barua hii wazi kwa sababu sikuwa peke yangu. Nimekwishaongea na majirani kadhaa ambao nao hawakuwepo: mwenye zamu ya usiku aliyelala, mama mwenye mtoto mchanga, na wapangaji wasiojua kama mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, awe na nyumba au amepanga chumba. Sote tunahitaji kitu kimoja kutoka ofisini kwako, nacho ni maazimio yaliyoandikwa. Nayaomba yangu, na naamini njia utakayonipatia mimi itawafaa na wao.

Mikutano yetu mingine, ukiikosa, unaweza kuyapata yaliyosemwa kwa jirani na mambo yakaenda. Ukikosa kikao cha ulinzi shirikishi, mlinzi atakuja mlangoni mwisho wa mwezi na utajua mchango ni kiasi gani. Mkutano wa urasimishaji hauko hivyo, kwa kuwa maneno yake yanageuka kuwa mistari. Kinachokubaliwa pale chini ya mwembe mpangaji miji anakichora. Mchoro unapelekwa manispaa na ngazi za juu kuidhinishwa. Mpima anakuja na vifaa vyake kuufuata mchoro, anasimika bikoni kwenye kona za viwanja, na ramani ya upimaji inapelekwa wizarani. Mwisho kabisa hati inatoka, ya miaka 33, 66 au 99, ikiwa na ukubwa wa kiwanja ulioandikwa kwa mita za mraba. Mchoro ukiwa bado rasimu ukutani kwa ofisi ya mtaa, kusogeza mstari ni kazi ya penseli na maelewano ya majirani wawili. Ukishaidhinishwa, kuusogeza ni maombi mapya, ada mpya na miezi ya kusubiri, na bikoni zikishasimikwa ndio watu huanza kuangaliana vibaya. Kwa hiyo mtu aliyekosa mkutano huu ana muda mfupi wa kujua kilichoamuliwa, na muda huo ni huu tulio nao sasa, kabla mpangaji miji hajakamilisha mchoro wake.

Tangu nirudi nimejaribu kukusanya habari kwa mdomo, Mwenyekiti, na hapo ndipo nilipoona haja ya karatasi. Mpangaji wangu wa chumba cha mbele, aliyehudhuria mpaka mwisho, ananiambia kichochoro cha kisimani kitakuwa barabara ya mita nne. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama nyuma anasema ni mita sita, na kwamba choo chetu kinaondoka. Mama wa genge naye anasema hakuna kilichoamuliwa, ila mtaalamu atakuja kuangalia. Wote watatu ni watu wa kweli na wote walikuwepo. Kila mmoja alisikia kipande kilichomgusa. Kijana wa bodaboda alisikia habari ya barabara kwa kuwa ndiyo riziki yake. Siwezi kusaini jambo kwa masimulizi haya, na wala sitaki kulikataa kwa masimulizi haya.

Kwanza niseme yale ambayo nayakubali bila kusubiri, ili isionekane kwamba naomba maazimio ili nitafute pa kupingia. Kama mkutano ulichagua wajumbe wa kamati ya urasimishaji, nawatambua hao hao, hata kama ningekuwepo ningewapigia wengine. Kama mkutano ulipanga kiwango cha mchango kwa kila kiwanja, nitalipa kiwango hicho hicho, mradi kilipwe benki kwenye akaunti ya mradi na mimi nibaki na stakabadhi. Nalisema la akaunti kwa sababu Dar es Salaam hii mitaa mingi imewahi kuchangishwa na kampuni, watu wakatoa fedha zao, kazi ikaishia kwenye mchoro na hati zisionekane. Kama mkutano ulikataa kampuni fulani au ulikubali fulani, nafuata. Mambo hayo ni ya mtaa mzima, yameamuliwa na waliofika, na aliyekosa hana haki ya kuomba kikao kirudiwe kwa ajili yake. Siombi kikao kirudiwe.

Kilichobaki ni mstari unaopita kwenye kiwanja chetu. Huo ni wa mtaa, ila ni wetu pia, na hauwezi kuchorwa vizuri bila sisi kusema tunachokijua kuhusu ardhi ile. Naomba uniruhusu nieleze kwa kirefu kidogo, ili hata kama mkutano ulikwishaamua, kamati iwe na vipimo sahihi mkononi.

Kichochoro cha kisimani, pale kinapopita baina ya nyumba yetu na ya jirani yetu wa ng'ambo, kina upana wa mita mbili. Nimekipima kwa futi kamba jana asubuhi, kutoka ukingo wa ua wetu wa michongoma hadi kwenye mawe aliyoyapanga jirani. Bajaji inapita kwa shida, ikikutana na mtu mwenye toroli la maji mmoja lazima arudi nyuma. Gari la kunyonya maji taka halifiki kabisa. Linasimama barabara kuu na wanaunganisha mipira mpaka inaishia nyumba ya tatu. Sisi wa ndani tunatapisha vyoo kwa njia ambazo wewe na bwana afya mnazijua, na kila masika maji yale yanashuka bondeni. Mwaka yalipoungua yale mabanda ya nyuma, gari la zimamoto lilibaki barabarani, na watu tukazima kwa ndoo. Kwa hiyo hakuna haja ya kunishawishi kwamba barabara inahitajika. Naitaka kuliko wengi, na najua kwamba katika urasimishaji ardhi ya barabara kwa kawaida hutolewa na wenye viwanja wenyewe kwa makubaliano, bila fidia. Nilijua hivyo tangu mkutano wa uhamasishaji, na familia yetu ilikwishakubaliana kutoa.

Swali ni kiasi gani, na kutoka upande upi. Kiwanja chetu kina mita 18 upande wa kichochoro na mita 20 kwenda nyuma, yaani mita za mraba 360. Tuseme azimio ni barabara ya mita sita. Kichochoro kina mbili tayari, zinatakiwa nne zaidi. Zikigawanywa sawa, kila upande utoe mbili, sisi tunatoa mita za mraba 36 na kubaki na 324. Hapo hatuna neno. Tunaondoa ua wa michongoma na mpapai mmoja, basi. Lakini jirani wa ng'ambo hawezi kutoa mbili. Ukuta wa chumba cha wazazi wake uko mita moja tu kutoka kwenye ukingo wa kichochoro. Ukigawa sawa kwenye karatasi, barabara inaingia chumbani kwa mzee wa watu kwa mita nzima, na ile ni nyumba ya tofali yenye watu ndani, haivunjwi kwa sababu mstari ulinyooka vizuri kwenye mchoro.

Njia ya kawaida ni kuusogeza mstari wote kuja kwetu: jirani atoe mita moja mpaka ukutani kwake, sisi tutoe tatu. Nadhani ndicho kilichosemwa mkutanoni, maana ndipo habari ya choo ilipozaliwa. Tukitoa tatu, tunapoteza mita za mraba 54 na kubaki na 306. Ukubwa huo bado unatosha familia, siulilii. Tatizo liko chini ya ardhi. Shimo la choo chetu, ambalo mtu akipita kichochoroni halioni kwa sababu limefunikwa zege na juu yake tunaanika vyombo, ukingo wake uko mita tatu na sentimita ishirini kutoka kwenye ukingo wa kichochoro. Marehemu baba alilichimba huko mbele kwa sababu nyuma kulikuwa na mwamba. Barabara ikichukua mita tatu, shimo linabaki sentimita ishirini kutoka barabarani. Mchoroni halionekani, maana mpangaji miji anachora kuta na paa anazoziona kwenye picha ya anga. Ila siku lori la mchanga litakapokanyaga ukingo ule wakati wa masika, udongo ukiwa umelowa, zege lile litaporomoka na lori na yeyote aliyesimama hapo.

Kwa hiyo jibu letu, kama azimio ni mita tatu upande wetu, ni ndiyo, lakini tunaomba muda wa kufukia shimo lile na kuchimba jingine kabla ya bikoni kusimikwa, na barabara isifunguliwe kwa magari kabla ya hapo. Nyuma kuna mwamba, kama nilivyosema, itabidi tuchimbe pembeni mwa jiko na tujenge shimo pana lisilokwenda chini sana. Fundi amekwishakuja kuangalia. Kama azimio ni mita nne za barabara, kila upande utoe moja, hatuhitaji muda wowote: tunatoa mita za mraba 18 kesho, jirani anabaki na ukuta wake salama, ingawa maji ya paa lake yatadondokea barabarani na hilo atalimaliza kwa mfereji wa bati. Kuna na njia ya tatu ambayo sijui kama ilitajwa: barabara iwe mita sita kichochoro kizima, ila ibanwe kuwa mita nne pale tu penye ukuta wa jirani, kwa urefu wa nyumba ile, kisha ifunguke tena. Gari moja litapita pale kwa zamu, na kwa kichochoro cha nyumba chache kama chetu halitakuwa jambo kubwa. Mimi ningeipendelea hiyo, lakini mwenye kusema kama inafaa ni mpangaji miji na mkutano, na kama ilijadiliwa ikakataliwa, naomba tu sababu yake iwe imeandikwa.

Ndiyo maana, Mheshimiwa Mwenyekiti, nikisema niko tayari kupokea maazimio, sina maana ya sentensi moja kwamba "kichochoro cha kisimani kipanuliwe". Sentensi hiyo inabeba barabara zote tatu nilizozieleza, na kila jirani ataisoma kwa faida yake. Azimio la barabara ninaloweza kulipokea na kulitekeleza linasema barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, upana wake ni mita ngapi, mita hizo zinapimwa kutoka wapi, na kila upande unatoa kiasi gani. La "zinapimwa kutoka wapi" ndilo huachwa mara nyingi na ndilo huleta ugomvi. Kupima kutoka katikati ya kichochoro na kupima kutoka kwenye ukuta wa jirani kunatoa majibu mawili tofauti kwa kiwanja kile kile, na tofauti yake kwetu ni mita moja nzima, yaani shimo la choo ndani au nje ya hatari. Naomba Mtendaji, ambaye ndiye katibu wa mkutano na mwandishi wa muhtasari, kama ana maneno hayo kwenye daftari lake ayaweke kama yalivyosemwa. Na kama hayakusemwa, muhtasari uandike kwamba hayakusemwa. Hilo nalo ni jambo la kupokea, kwa kuwa litatuonyesha kwamba bado kuna kazi ya kufanya uwandani kabla ya mchoro kwenda manispaa.

Pamoja na azimio lenyewe, naomba sehemu ya muhtasari inayoonyesha tarehe ya mkutano, agenda, idadi ya waliohudhuria na idadi ya waliokubali na waliokataa. Siombi majina ya waliokataa. Sitaki kujua nani alisema nini juu ya nyumba yetu, na nisingependa ijulikane mtaani kwamba naulizia. Naomba pia tarehe ambayo rasimu ya mchoro itabandikwa, na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Mimi nitafika kuisoma siku ya kwanza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kamati inapaswa kulijua kabla ya kuja na fomu za kusaini. Kiwanja chetu ni cha urithi. Marehemu baba alikuwa na leseni ya makazi iliyotolewa kwa jina lake, nayo leseni zile zilikuwa za muda tu, miaka yake imekwisha. Mahakama ya Mwanzo iliniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi, na barua ya uteuzi ninayo. Maana yake ni kwamba mwenye kusaini mipaka kwa niaba ya familia ni mimi, si kaka yangu anayeishi chumba cha nyuma, ingawa ndiye mwanamume aliyepo nyumbani na ndiye ambaye mara nyingi anaombwa kusaini mambo ya mtaa. Hapana ubaya kati yetu, yeye mwenyewe ananihimiza niandike hili. Lakini kiwanja kikiandikwa kwa jina la mmoja wetu kama chake binafsi, ndugu wengine watatu watakuwa wameondolewa kwenye urithi wao kwa kosa la fomu, na kulirekebisha baadaye ni kesi. Nimeona familia mbili mtaani kwetu ziko kwenye hali hiyo hiyo, mmiliki wa zamani amefariki na hakuna msimamizi aliyeteuliwa. Ukiona inafaa, watangazie waanze taratibu mahakamani sasa, maana mpima akifika na hakuna wa kusaini, kiwanja kinarukwa, na kiwanja kikirukwa barabara inayopita mbele yake nayo inabaki na shaka.

Sasa niseme namna ninavyoweza kuyapokea maazimio, ili nisiongeze kazi ofisini. Naweza kuja mwenyewe ofisi ya mtaa siku na saa utakayonipangia, nikayasoma hapo hapo mbele ya Mtendaji na kusaini kwamba nimeyasoma. Kama kuna nakala, nitagharamia mwenyewe kuirudufu kwa jirani mwenye mashine, na nitarudisha daftari mkononi mwa Mtendaji, halitapita kwa mtu mwingine. Kama wewe au mjumbe wa kamati ya urasimishaji mtaona ni vyema kuja nyumbani, karibuni jioni yoyote, nitamwita na jirani wa ng'ambo ili tusimame wote watatu kichochoroni na futi kamba. Kwa kweli hiyo ndiyo ningeiomba zaidi ya zote. Mimi na jirani hatuna ugomvi, tumelishana miaka mingi na watoto wetu wamekua pamoja. Tukikubaliana mbele yako pale pale, tukaweka vigingi vya miti na kuviandika kwenye karatasi ya saini tatu, mpangaji miji atakuwa na kitu cha kuchora, na hakuna atakayetupeleka Baraza la Kata kusuluhishwa.

Na kwa wale wengine waliokosa, nina pendekezo ambalo niko tayari kulifanyia kazi kwa mikono yangu. Ukurasa wa maazimio ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, na nakala moja ibandikwe kisimani, maana ubao wa ofisi unasomwa na wenye shida ofisini, lakini kisimani anafika kila mtu. Nitaandika kwa herufi kubwa na kubandika mwenyewe, baada ya Mtendaji kuhakiki kwamba sikuongeza wala kupunguza neno na kugonga muhuri. Kwa nyumba za kichochoro chetu nitapita mlango kwa mlango na ukurasa ule, nikiwasomea wale wasioona vizuri au wasiosoma, na nitakuletea orodha ya waliosomewa. Sitaeleza maana ya azimio lolote kwa mtu, hiyo ni kazi ya kamati. Atakayekuwa na swali nitamwelekeza ofisini. Wapangaji nao nitawasomea. Mpangaji hana kiwanja cha kutoa, lakini barabara ikipita anapoanika na anapopikia, yeye ndiye wa kwanza kuhama, na ni haki yake ajue mapema ili atafute chumba kabla vumbi halijaanza.

Najua, Mwenyekiti, kwamba baadhi watasema huyu alikosa mkutano na sasa anataka kuuendesha kwa barua. Wakisema hivyo mbele yako, naomba uwaambie kwamba yote yaliyoamuliwa kuhusu fedha, kamati na kampuni nimeyakubali humu kwa maandishi kabla hata sijayasoma. Ninachoomba kukiona kabla sijasema ndiyo ni ule mstari, kwa kuwa juu yake kuna shimo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa na sababu ya kulitaja, na aliyepaswa kulitaja alikuwa Lushoto.

Kama mchoro umekwishaanza kuchorwa, tafadhali mwombe mpangaji miji asiufunge kabla hajafika kichochoroni kwetu. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi jioni, na Jumamosi na Jumapili kutwa nzima. Simu yangu Mtendaji anayo. Ukinitumia mtoto tu aniite, nitakuja hata kama ni usiku.

Wako mkazi,
Msimamizi wa mirathi, nyumba ya kona, kichochoro cha kisimani

Nakala: Mtendaji wa Mtaa; Kamati ya Urasimishaji; jirani yetu wa ng'ambo, ambaye ameisoma barua hii yote kabla haijatoka na ameridhia nilivyoutaja ukuta wake.